Faida Iko, Pesa ya Msambazaji Iko Wapi?

Wenye maduka ya jumla wanaopokea malipo kupitia kwetu hutuuliza swali moja kwa namna nyingi. Mmoja atauliza kama kuna malipo yaliyokwama kwenye mtambo. Mwingine atataka taarifa ya miezi mitatu, kwa sababu anashuku kijana wa kaunta. Wa tatu atasema wazi: mauzo yako juu, kila mfuko unauzwa kwa bei nzuri kuliko ulivyonunuliwa, lakini siku ya kumlipa msambazaji ikifika, salio halitoshi. Pesa imeenda wapi?

Mara nyingi hakuna aliyeiba. Pesa iko kwenye maduka madogo ya mtaani, kwa watu waliochukua mali kwa deni na ambao siku yao ya kulipa haijafika. Tunalisema hili mapema kwa sababu tunajua duka likikosa pesa, wa kwanza kutazamwa vibaya ni aliyeshika kaunta. Kabla hujamfukuza mtu, piga hesabu ya siku.

Si hesabu ya faida, maana hiyo wengi wanaijua vizuri. Hesabu ya faida inakuambia umenunua kwa ngapi na umeuza kwa ngapi. Haikuambii pesa inatoka lini na inaingia lini. Msambazaji naye hana shida na faida yako. Anauliza tarehe.

Wacha tuchukue mfano wa sukari. Bei tulizoweka ni za kurahisisha hesabu, na VAT tumeiacha kando. Duka linanunua mifuko 120 ya kilo 50 kwa shilingi 6,500 mfuko mmoja. Hiyo ni shilingi 780,000. Linauza kila mfuko kwa 6,800, mifuko kumi kwa siku, kwa hiyo shehena moja inaisha kwa siku 12, na siku ya 13 asubuhi lori linaleta nyingine kama hiyo. Kila shehena ina faida ya shilingi 36,000. Msambazaji ametoa siku 14 za kulipa. Kati ya ile mifuko kumi ya kila siku, mitano inalipwa papo hapo kwa simu au taslimu, na mitano inachukuliwa na wenye vioski na maduka ya rejareja ambao watalipa baada ya siku 30. Hakuna cha ajabu hapo. Maduka mengi tunayoyajua yanaendeshwa hivyo hivyo.

Sasa tuhesabu siku. Kila siku pesa inayoingia mkononi ni shilingi 34,000, ya ile mifuko mitano ya kulipa papo hapo. Asubuhi ya siku ya 15, siku ya kulipa shehena ya kwanza, duka limekusanya siku 14 za mauzo, yaani shilingi 476,000. Msambazaji anataka 780,000. Kuna pengo la shilingi 304,000, na shehena ya kwanza imeshauzwa yote kwa faida!

Mwenye duka anatoa akiba yake, analipa, anaendelea. Anajiambia kwamba hilo lilikuwa la kuanzia tu. Siku ya 27 inafika, shehena ya pili inadaiwa. Tangu aanze amekusanya shilingi 884,000 na anatakiwa awe amelipa jumla ya 1,560,000. Pengo sasa ni 676,000. Wale wa siku 30 bado hawajaanza kulipa, na hawana kosa lolote, siku zao hazijafika. Siku ya 39, madeni ya siku nane za kwanza yameshaingia, lakini shehena ya tatu nayo inadaiwa, na pengo linafika shilingi 776,000. Siku hiyo hiyo ukifungua daftari la faida, utaona shehena tatu zimeuzwa na faida ya shilingi 108,000. Vitabu vyote viwili vinasema kweli.

Baada ya hapo pengo linaacha kukua. Madeni ya zamani yanarudi kwa mwendo ule ule ambao madeni mapya yanatoka. Siku ya 51 linakuwa 740,000, yaani limepungua kwa shilingi 36,000, ambayo ni faida ya shehena moja kamili. Ukiacha faida yote ndani ya biashara, usitoe hata ya kodi ya stoo, ya mshahara wa mbebaji wala ya karo ya mtoto, itahitaji shehena 22 hivi kuliziba. Kwa siku 12 kila shehena, hiyo ni karibu miezi tisa. Na nani anaishi miezi tisa bila kutoa kitu dukani?

Hizo shilingi 776,000 ndizo mtaji wa kuzungusha wa biashara hii. Si hasara, na si gharama ya kulipwa mara moja ukaimaliza. Ni kama maji yanayokaa ndani ya bomba refu: ili yatoke huku mwisho, lazima bomba lote lijae kwanza, na kadiri bomba lilivyo refu ndivyo linavyomeza maji mengi. Urefu wa bomba ni siku. Hapa mteja wa deni ana siku 30, msambazaji ametoa 14, na katikati ni mfuko wako.

Kinyume chake nacho kinafaa kuangaliwa, kwa sababu kinawadanganya watu wengi. Tuseme duka hilo hilo linauza mifuko yote kumi kwa kulipwa papo hapo. Asubuhi ya siku ya 15 limekusanya shilingi 952,000. Linamlipa msambazaji 780,000 na linabaki na 172,000 mkononi. Faida ya shehena ni 36,000. Zile 136,000 nyingine ni za nani? Karibu zote ni za msambazaji. Zinatokana na shehena ya pili, ambayo imeanza kuuzwa lakini bado haijalipiwa. Pesa ya msambazaji ikilala kwako siku chache inafanana sana na faida, na inakaa kwenye salio lile lile. Tumeona mtu akinunua pikipiki kwa pesa ya namna hiyo. Hakuna kilichoharibika hadi alipoanza kuwapa wateja deni, au hadi mwezi wa mauzo madogo, ndipo ikabidi pikipiki iuzwe kwa haraka na kwa bei ya haraka.

Ndiyo maana hatupendi kusikia mtu akisema "salio langu ni zuri" katikati ya mwezi. Salio la simu halijui ni shilingi ipi yako na ipi ya watu. Kwa kila mfuko unaolipwa papo hapo katika mfano wetu, 6,500 zina mwenyewe, na zako ni 300. Ukiweza kuzihamishia zile 6,500 kwenye akaunti nyingine jioni ile ile, usiku utalala unajua ulipo.

Mkopo gani, wa pengo gani

Hapa tutasema jambo ambalo si kawaida kwa kampuni ya pesa kulisema. Wengi wakiona pengo la siku ya 15 hukimbilia mkopo wa siku 30 kwenye simu. Kwa pengo tulilolieleza hapo juu, mkopo huo ni dawa ya ugonjwa mwingine.

Angalia tena hesabu. Umekopa kuziba pengo la siku ya 27, shilingi 676,000. Siku 30 zinapita na mkopo unatakiwa urudi. Je, pengo limekwisha? Hapana, bado liko zaidi ya laki saba, kwa sababu biashara inaendelea na bomba lazima libaki limejaa. Ili kurudisha mkopo itabidi ukope tena, au uchukue pesa ya sukari umpe mkopeshaji halafu msambazaji akukose. Huku kila mzunguko una ada yake, na ada hiyo inakatwa kutoka kwenye faida ya shilingi 300 kwa mfuko. Ukilipa asilimia 5 tu ya laki saba kwa mwezi, ni shilingi 35,000. Hiyo karibu inameza faida nzima ya shehena moja kila mwezi, na kwa mwezi unauza shehena mbili na nusu. Yaani unafanya kazi siku 12 kwa ajili ya mkopo, halafu unaanza kujifanyia wewe.

Mkopo mfupi una mahali pake, lakini ni pale ambapo pengo lenyewe ni fupi. Wiki ya kufungua shule wenye maduka huongeza oda, unaleta shehena kubwa mara moja, inauzwa ikaisha, na mwezi unaofuata unarudi kwenye mifuko kumi ya kawaida. Pengo hilo lina mwanzo na mwisho. Unaweza kuonyesha kwa kidole siku ambayo pesa ya kurudisha itaingia na ni kutoka kwa nani. Usipoweza kuonyesha siku hiyo, basi pengo lako ni la kudumu, na pengo la kudumu huzibwa kwa mtaji wa kudumu: akiba yako, faida uliyoiacha dukani, mshirika, au mkopo wa muda mrefu unaolipwa kidogo kidogo. La sivyo, lifupishe bomba.

Siku saba zina bei

Kufupisha bomba si maneno tu, hesabu yake inaonekana. Tukirudi kwenye duka la sukari, hatuongezi bei, hatupunguzi gharama, tunagusa siku peke yake. Ukimwomba msambazaji akupe siku 21 badala ya 14, pengo kubwa kabisa linashuka kutoka 776,000 hadi 336,000. Ukiwaacha wasambazaji walivyo na badala yake uwape wateja wa deni siku 14 badala ya 30, pengo halizidi 304,000. Faida ni ile ile katika hali zote. Mtu anayepigania kupunguziwa shilingi 20 kwa mfuko asiombe hata siku moja ya nyongeza, kwa maoni yetu, anapigania kitu kidogo.

Tunajua kusema ni rahisi. Mwenye kioski ukimwambia siku 14 leo, kesho atakuwa kwa jirani yako. Kwa hiyo usianze na wote. Fungua daftari la madeni ujumlishe yote uliyo nayo nje leo, kisha gawanya kwa mauzo ya deni ya siku moja. Katika mfano wetu mauzo ya deni ni 34,000 kwa siku, kwa hiyo madeni ya siku 30 yanapaswa kuwa shilingi 1,020,000 hivi. Ukikuta 1,360,000, maana yake watu hawachukui siku 30, wanachukua 40, na zile siku kumi za ziada zimekunyang'anya 340,000. Ukizitafuta kwa majina, mara nyingi utakuta hazijasambaa kwa wote. Ni watu watatu au wanne, tena wakubwa, wale unaoona haya kuwadai kwa sababu wananunua sana.

Kwa hao kuna utaratibu ambao wasambazaji wengi wenyewe wanautumia kwetu sisi Wakenya bila kuona aibu: lipa ya kwanza ndipo uchukue ya pili. Mteja haambiwi hapati deni. Anapata, ila shehena mpya haipakiwi kabla ya ile ya nyuma kulipwa. Ujumbe wa malipo ukiingia kwenye simu, mifuko inapakiwa. Uzuri wake ni kwamba mteja anayenunua sana ndiye anayelipa mara nyingi zaidi, maana anahitaji mali. Ubaya wake ni kwamba unahitaji mtu wa kaunta mwenye msimamo, na wewe mwenyewe usimpigie simu ya pembeni kumwambia "huyo mpe tu."

Kwa upande wa msambazaji, siku za nyongeza huombwa kabla ya pengo, si asubuhi ya siku ya kulipa. Akiona umelipa miezi sita bila kuchelewa, ombi lako la siku saba ni mazungumzo ya biashara. Ukiomba baada ya cheki yako kurudi, unaomba huruma, na kuna uwezekano mkubwa akakuweka kwenye orodha ya kulipa kabla lori halijaondoka. Hapo siku zako 14 zimekuwa sifuri, na pengo unaweza kulikisia mwenyewe.

Oda kubwa inayokuja na tabasamu

Wengi tunaowaona wakianguka hawaanguki kwa kukosa wateja. Wanaanguka wakati wamepata mteja mkubwa.

Tuseme taasisi moja mjini inataka mifuko 150 ya sukari kila mwanzo wa mwezi. Umewapa bei ya 6,750 ili uwapate, kwa hiyo unabaki na 250 kwa mfuko, shilingi 37,500 kwa mwezi. Hujaajiri mtu, hujaongeza stoo. Masharti yao: wanalipa baada ya siku 60. Nyumbani watu wanafurahi.

Mali ya mwezi wa kwanza inagharimu shilingi 975,000 na msambazaji anaitaka siku ya 15. Ya mwezi wa pili, 975,000 nyingine, anaitaka siku ya 45. Hadi hapo umeshalipa 1,950,000 na taasisi haijalipa hata shilingi, na bado haijachelewa. Siku ya 61 wanaleta 1,012,500 za mwezi wa kwanza, na siku hiyo hiyo unawapelekea mali ya mwezi wa tatu. Kuanzia hapo biashara inajizungusha, lakini zile karibu milioni mbili zimeshakaa ndani na hazitoki mpaka siku utakayoacha kuwauzia. Ukigawanya 1,950,000 kwa faida ya 37,500 kwa mwezi, unapata miezi 52. Miaka minne na miezi minne kabla oda hiyo haijarudisha pesa iliyoimeza.

Je, uikatae? Si lazima. Unaweza kuanza na mifuko 50 badala ya 150, pengo likashuka hadi 650,000. Unaweza kuwapa bei mbili, moja ya siku 60 na nyingine ya siku 14, wachague wenyewe. Unaweza pia kuikubali yote kama una milioni mbili ambazo hazina kazi nyingine. Tusichokikubali ni kuipokea kwa kutumia pesa ya vioski, kwa sababu hapo taasisi ikichelewa wiki mbili, utakayeshindwa kumlipa ni msambazaji yule yule anayeleta sukari ya kila mtu, na vioski vilivyokulisha miaka yote vitakuta rafu tupu.

Na kabla ya kutia sahihi, uliza siku 60 zinahesabiwa kutoka lini. Kuna mahali zinahesabiwa tangu siku ya kupokea mali, na kuna mahali zinahesabiwa tangu mwisho wa mwezi ambao ankara ilipokelewa. Mali iliyofika tarehe 2 Juni pamoja na ankara yake, kwa utaratibu huo wa pili, inaanza kuhesabiwa tarehe 30 Juni na malipo yanaiva tarehe 29 Agosti. Hizo ni siku 88. Kisha uliza wanalipa siku gani za mwezi, maana taasisi nyingi hazilipi kila siku. Zina siku maalum ya kutoa malipo, na ankara iliyoiva siku moja baada ya hiyo husubiri zamu inayofuata. Uliza pia ankara inapelekwa kwa nani na nani anaitia sahihi kwamba mali imefika. Ankara iliyokaa kwenye droo ya stoo bila sahihi haijaanza kuhesabiwa hata siku moja.